Kukaanga mboga kwenye woki bila kuzichemsha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini mboga zangu hujaa maji kila ninapozikaanga, ilhali sijaweka hata tone?

Maji yalikuwemo tangu mwanzo. Kabichi, hoho na maharage mabichi ni maji kwa takriban asilimia 90 ya uzito wake, na mboga ikiguswa na moto hupasuka ndani na kuyaachia. Moto mkali unatakiwa kuyageuza maji hayo kuwa mvuke palepale yanapotokeza, mvuke upae, na chuma kibaki kikavu. Ukijaza woki, maji hutoka kwa kasi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, yanajikusanya chini, na kuanzia hapo hukaangi tena. Maji hayapandi kupita nyuzi 100 hadi yaishe, wakati ile rangi ya hudhurungi kwenye kingo za kabichi, pamoja na utamu wake, huanza kujitokeza kwenye nyuzi 140 hivi.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Chukua jiko la gesi la nyumbani la kilowati 3. Zaidi ya nusu ya joto lake hupotelea pembeni, na karibu kilowati 1.3 tu ndiyo huingia kwenye chombo. Kwa nguvu hiyo, kijiko kimoja kikubwa cha maji hula kama nusu dakika ya moto mpaka kikauke. Gramu 100 za maji, ambazo hazifiki hata nusu kikombe, hula zaidi ya dakika tatu. Katika dakika tatu hizo hoho imeshalegea na kabichi imeshaanza kunuka kama kabichi ya kuchemsha.

Nitajuaje kwamba nimejaza kupita kiasi?

Sikiliza kwanza. Mboga inayokaangwa hulia kwa sauti kali, kavu, isiyokatika. Ukimimina sauti hushuka, ni kawaida, lakini inatakiwa irudi ndani ya sekunde 10 au 15. Isiporudi, na badala yake ukaanza kusikia mchemko wa chini chini kama wa sufuria ya mchuzi, umeshajaza.

Kisha sogeza mboga upande mmoja kwa mwiko utazame kitako cha woki. Kikiwa kinang'aa kwa mafuta, uko salama. Ukiona povu au maji yanatambaa kurudi katikati, usisubiri: toa nusu ya mboga uziweke kwenye sahani sasa hivi, nusu iliyobaki itapona yenyewe.

Watu wengi wakiona mvuke mwingi hudhani moto umekolea. Mvuke mweupe unaopanda kwa wingi bila kukoma unaonyesha kinyume chake, kwamba moto wote unaishia kwenye maji. Moto uliokolea hutoa moshi mwembamba wa mafuta, na mvuke wa hapa na pale.

Kwa hiyo niweke kiasi gani kwa mara moja?

Kwa woki ya kipenyo cha sentimita 30 hadi 34 na jiko la nyumbani, gramu 250 hadi 300 za mboga zilizokatwa. Bila mizani, ni viganja viwili vilivyojaa, au kiasi ambacho ukikitandaza hakipandi zaidi ya tabaka moja na nusu. Woki ikiwa pana zaidi usizidishe, maana upana wa chombo hauongezi gesi. Nimeona watu wakinunua woki ya sentimita 40 wakidhani wametatua tatizo, wakaishia na kitako kilekile cha moto na kingo kubwa zilizopoa.

Mimi nina mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Nitapata kweli ladha ile ya hotelini?

Ile harufu ya moshi ambayo Wakantoni, watu wa kusini mwa China, huiita *wok hei*, hutoka kwenye majiko yenye nguvu mara kumi ya lako na zaidi, ambako ulimi wa moto hupanda hadi ukingoni na kuwasha vitone vya mafuta hewani mpishi anaporusha chakula. Hiyo hutaipata yote nyumbani. Lakini mboga kavu, zenye rangi, zinazokatika vizuri menoni, zenye madoa ya kuungua hapa na pale, hizo unazipata hata kwa mtungi mdogo, mradi ukubali kukaanga kidogo kidogo.

Jiko la mkaa lina faida moja kubwa: likiwa limekolea, woki ya kitako cha mviringo inakaa ndani yake na kupata moto kote. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuupunguza haraka, kwa hiyo kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa kabla woki haijakaa jikoni. Kwa jiko la umeme la sahani bapa, tafuta woki yenye kitako bapa. Ile ya mviringo itaguswa na moto mahali padogo mno.

Na karai la mandazi? Linafaa, hasa lile zito la chuma. Linachelewa kupata moto, lakini likishapata halipoi upesi ukimimina mboga. Kikaango kipana cha chuma pia kinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Chombo nisichokishauri ni kile chenye utando wa tefloni. Utando huo huanza kuharibika na kutoa gesi mbaya ukipita nyuzi 260 hivi, na chombo kitupu juu ya moto mkubwa hufika hapo kwa dakika chache. Kama nyumbani kuna kasuku au ndege mwingine wa kufugwa, gesi hiyo inaweza kumuua.

Woki ipate moto kiasi gani kabla ya mafuta?

Iweke tupu na kavu kwenye moto mkubwa. Baada ya dakika moja au mbili, dondoshea tone la maji. Likichemka na kukauka palepale, bado. Likijikunja kama shanga na kukimbiakimbia juu ya chuma, imefika. Hapo mimina mafuta, zungusha woki yapake pande zote, na mara yakianza kutetemeka na kutoa moshi kidogo sana, ingiza mboga. Wapishi wa Kichina hushika utaratibu huu wa chuma cha moto na mafuta ya baridi kwa sababu mafuta yanapata muda mfupi wa kuungua na chakula hakigandi.

Mafuta yawe yale yaliyosafishwa: alizeti, karanga au soya. Haya huvumilia nyuzi 220 na zaidi. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi mapema, na yale ya ufuta uliokaangwa ni ya kunyunyizia mwishoni kwa ajili ya harufu tu.

Nianze na mboga ipi, nimalizie na ipi?

Hili ndilo swali kuu, na jibu la haraka ni ngumu kwanza, laini mwisho. Lakini ugumu peke yake hautoshi. Kuna vitu vitatu vya kutazama: mboga inahitaji muda gani kuiva, umeikata nene kiasi gani, na itamwaga maji kiasi gani. Karoti iliyokatwa vijiti vya milimita 3 huiva pamoja na hoho. Karoti ileile ikikatwa miduara ya sentimita moja itakuwa bado mbichi hoho zikishakuwa uji. Kwa hiyo kisu ndicho kinachoamua mpangilio kabla ya moto.

Tuchukue mfano wa watu wanne: maharage mabichi gramu 150, karoti moja kubwa ya gramu 120, hoho mbili, kitunguu maji kimoja, na kabichi gramu 200. Jumla ni kama gramu 700, mara mbili na zaidi ya uwezo wa jiko. Kwa hiyo tunagawa awamu tatu.

Maharage yakate vipande vya urefu wa kidole cha mwisho, karoti vijiti, hoho vipande vya upana wa sentimita 2, kitunguu vipande vinene na si vyembamba vya kuungia mchuzi, kabichi mikanda ya upana wa vidole viwili. Kabichi iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari humwaga maji haraka mno, usiikate hivyo.

Awamu ya kwanza ni maharage na karoti. Woki ikiwa moto, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kisha maharage. Yatandaze na uyaache sekunde 20 hadi 30 bila kuyagusa, yapate madoa, ndipo ugeuze. Endelea kugeuza kila baada ya sekunde kadhaa. Zikipita dakika mbili, ongeza karoti, dakika moja na nusu nyingine. Onja harage moja: liwe bado linakatika kwa sauti lakini lisiwe na ule ubichi wa majani. Mimina vyote kwenye sinia pana. Kwa nini sinia? Kwa sababu ukivilundika kwenye bakuli, vinaendelea kupikana kwa mvuke wao wenyewe, na kazi yote uliyofanya inapotea mezani.

Rudisha woki motoni ikiwa tupu, nusu dakika mpaka dakika moja. Watu huiruka hatua hii, wakati ndiyo inayofanya awamu ya pili ifanane na ya kwanza. Mafuta vijiko viwili vya chai, kitunguu sekunde 30, halafu hoho dakika moja. Ngozi ya hoho ikianza kufanya malengelenge, toa.

Awamu ya tatu ni kabichi peke yake, dakika moja na nusu hivi. Ipewe nafasi, maana ndiyo yenye maji mengi na ndiyo inayopendeza zaidi kingo zake zikiungua kidogo.

Sasa rudisha woki motoni, mafuta kidogo sana, tangawizi na kitunguu saumu sekunde 10, kisha vitu vyote vinarudi kwa pamoja, soya sosi inapita ukingoni, geuza kwa sekunde 30 au 40, pakua. Tangu mwanzo hadi hapo ni kama dakika kumi.

Mbona mwishoni unaziweka zote pamoja? Si kujaza kulekule?

Ingekuwa hivyo zingekuwa mbichi. Wakati huo zimeshakauka juu, tayari ni za moto, na zinakaa motoni chini ya dakika moja. Maji ya ndani hayapati muda wa kutoka. Ukizigeuza hapo kwa dakika nne, utayaona.

Nikipikia wawili tu, lazima nigawe awamu?

Hapana. Kwa gramu 300 unaweza kwenda moja kwa moja: maharage, baada ya dakika mbili karoti, baada ya dakika moja kitunguu na hoho, kisha kabichi. Ila usimimine kinachofuata mpaka sauti ya kilichotangulia irudi juu. Na usukume kilichoiva pembeni, kipya kiguse kitako.

Kitunguu saumu kiwekwe mwanzo au mwisho?

Mapishi mengi yanasema mwanzo, kitoe harufu kwenye mafuta. Kwenye mlo wa awamu moja wa dakika mbili, sawa, hasa kikiwa vipande vikubwa vilivyopondwa tu kwa ubapa wa kisu. Lakini kikisagwa au kukatwa kidogo sana, juu ya woki ya moto huwa cheusi ndani ya sekunde 20 na uchungu wake haufichiki. Kwa mpango wa awamu nilioueleza, nakiweka mwishoni kabla mboga hazijarudi. Tangawizi inavumilia zaidi kidogo. Zile zinazouzwa zikiwa zimesagwa tayari na maji ndani ya chupa zitarusha mafuta na kupoza kitako, kwa hiyo hazifai hapa.

Chumvi na soya sosi je?

Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, ndiyo maana kachumbari iliyotiwa chumvi mapema hulowa. Itie dakika ya mwisho. Ukitumia soya sosi, onja kwanza, huenda usihitaji chumvi kabisa.

Soya sosi usiimwage katikati juu ya mboga. Izungushe kwenye ukingo wa woki, juu ya chuma kitupu: inachemka ikiteremka, maji yake yanapungua na inapata harufu ya kuungua kidogo. Vijiko viwili vikubwa vinatosha kwa mlo wa watu wanne. Ukipenda sosi ishike mboga na kung'aa, koroga humo kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi na vijiko viwili vya maji ya baridi kabla ya kumwaga. Ni kiasi kidogo, kitaganda mara moja.

Nimeosha mboga sasa hivi. Nizikaange zikiwa na maji maji?

Hilo pekee linaweza kuharibu kila kitu. Majani yaliyooshwa na kukung'utwa tu hubeba vijiko kadhaa vya maji, na tumeshaona kijiko kimoja kinakula nini. Osha saa moja kabla, tandaza kwenye chujio au juu ya kitambaa safi, na kama una haraka futa kwa kitambaa. Kabichi haina taabu: toa majani ya juu, osha kichwa kizima, kata baadaye.

Naweza kufunika ziive haraka?

Ukifunika unazipika kwa mvuke, na hapo moto mkali hauna kazi. Pia utapoteza rangi. Mboga za kijani zina asidi ambayo nyingine hupaa na mvuke. Ukiifungia ndani, inaharibu ile kijani angavu na kuifanya ya kizeituni iliyofifia. Kwa sababu hiyohiyo ndimu au siki itiwe mezani, au sekunde za mwisho.

Mboga nene kama brokoli na koliflawa ni suala tofauti, kwa kuwa nje huungua kabla shina halijaiva. Suluhisho la wapishi wa Kikantoni ni kuzitumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka sana yenye chumvi, dakika moja hadi mbili, kuzitoa, kuzichuja na kuzitandaza mpaka zikauke. Kwenye woki zinakaa dakika moja tu. Hata maharage mabichi yanakubali njia hii, na kwa jiko dhaifu ndiyo ningeichagua.

Mchicha, chainizi, uyoga, mboga za barafu?

Mchicha husinyaa kwa sekunde 40 na kumwaga maji yake yote. Ukaange peke yake, kidogo kidogo, na uutoe ukiwa umesinyaa nusu. Chainizi igawe sehemu mbili: mashina dakika moja mbele, majani baadaye. Uyoga nao ni wa peke yake. Utatoa maji hata ufanye nini, kwa hiyo uache mpaka maji yakauke na uanze kupata rangi, ndipo uchanganye na vingine. Mboga za barafu sizishauri kwa woki. Barafu imeshapasua kuta za mboga, maji yanamwagika mara moja. Zipeleke kwenye mchuzi au wali.

Nikigeuza bila kupumzika si ndiyo kukaanga kwa Kichina?

Mpishi wa hoteli hurusha bila kukoma kwa sababu moto wake ungeunguza chakula ndani ya sekunde tano. Wewe ukirusha hivyo, mboga hazigusi chuma muda wa kutosha kupata rangi. Tandaza, hesabu hadi kumi, geuza, tandaza tena.

Nimeshaharibu. Woki imejaa maji na mboga bado mbichi. Zinaokoleka?

Zinaokoleka kama umewahi. Usiongeze moto ukisubiri maji yakauke, mboga zitaiva kupita kiasi kabla hayajaisha. Zitoe kwa kijiko cha matundu na kuzitandaza kwenye sinia. Maji uliyobaki nayo yamwage kwenye kikombe, yana ladha, yatafaa kukorogea wanga na soya sosi. Futa woki, ipashe mpaka tone la maji likimbie, kisha rudisha mboga nusu kwa nusu, dakika moja kila nusu. Hazitakuwa kama zile zilizokaangwa vizuri tangu mwanzo, lakini hazitaelea.

Kama zimeshalainika zote, acha kupigana nazo. Ongeza maji kidogo, wanga na tambi, iwe supu.

Nina wageni kumi na wawili. Nipike namna gani?

Usizidishe vipimo, rudia awamu. Kilo mbili za mboga ni kama awamu nane za dakika mbili, na kati yake dakika moja ya kupasha chuma. Hiyo ni karibu nusu saa ukiwa umesimama jikoni, na mboga za awali zitapoa. Ukiwa na majiko mawili, tumia woki moja na karai moja kwa wakati mmoja. Au chemsha kidogo brokoli, maharage na karoti asubuhi, zikauke, ili jioni kila awamu iwe ya dakika moja tu. Toa kila awamu ikiwa imebakiza kuiva kidogo, kisha muda wa kupakua ukifika zipashe zote kwa mafungu matatu pamoja na sosi, na wali uwe umeshawekwa mezani kabla hujawasha moto huo wa mwisho.